Siku ishirini na moja zinahesabiwaje? Notisi ya mkutano mkuu wa mwaka na kasoro zake

(Mhadhara uliotolewa Dodoma kwa makatibu wa kampuni na wakurugenzi wa kampuni ndogo)

Ndugu washiriki, habari za asubuhi.

Leo tutaichambua notisi moja tu. Tuchukue kampuni ya kukamua alizeti pale Kibaigwa, yenye wanahisa 42. Katibu ameandika notisi ya ukurasa mmoja: "Mkutano mkuu wa mwaka utafanyika Jumamosi tarehe 28 Juni, saa 10:00, ukumbi wa Dodoma mjini. Ajenda: kupokea hesabu za mwaka na taarifa ya mkaguzi, kutangaza gawio, kuchagua wakurugenzi, kuteua mkaguzi wa hesabu, mengineyo." Akaweka sahihi, na asubuhi ya Ijumaa tarehe 6 Juni akazipeleka barua zote posta.

Ukiitazama haraka utasema iko sawa. Haiko.

Tuanze na saa. "Saa 10:00" kwa Kiswahili chetu ni alasiri, jua limeshapinda. Kwa aliyezoea saa ya simu yake ni saa nne asubuhi. Nusu ya wanahisa watafika asubuhi, wapige kura na kuondoka, na nusu nyingine watakuta viti vitupu. Andika "saa 4:00 asubuhi" na mchezo umekwisha. Mahali nako ni hivyo hivyo: taja jina la ukumbi na mtaa ulipo, iwe Area C au Nkuhungu. Notisi inapaswa kutaja mahali, siku na saa kwa namna ambayo mtu ataweza kufika.

Sasa siku, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka notisi ya maandishi ya mkutano mkuu wa mwaka isipungue siku 21, na katiba ya kampuni haiwezi kuzipunguza. Katibu wetu alihesabu kutoka tarehe 6 hadi tarehe 28, akapata 22, akatulia. Lakini siku hizo huhesabiwa kamili: siku notisi inapompata mwanahisa haimo, na siku ya mkutano haimo. Mahakama ya Uingereza ililisema hilo katika kesi ya Hector Whaling ya mwaka 1936, na katiba nyingi za kampuni zetu zinalisema kwa maneno yake zenyewe.

Tena, siku ya kuposti si siku ya kufika. Katiba ya kampuni yetu hii ya mfano inasema barua ya posta itahesabiwa imemfikia mwanahisa saa 72 baada ya kutumwa. Kwa hiyo barua za Ijumaa tarehe 6 zimefika, kisheria, Jumatatu tarehe 9. Siku hiyo tunaiacha. Tunaanza kuhesabu tarehe 10 na kuishia tarehe 27. Hizo ni siku 18. Zimepungua tatu.

Angalia jambo hili: kama siku hiyohiyo ya tarehe 6 katibu angempa kila mwanahisa barua mkononi na kumsainisha kwenye daftari, hesabu ingeanza tarehe 7, na kutoka tarehe 7 hadi 27 ni siku 21 barabara. Kwa njia ya posta alipaswa kutuma kabla ya muda huo, Jumanne tarehe 3. Tofauti yote iko kwenye njia ya kufikisha. Ndiyo maana anayetunga notisi huanza na siku ya mkutano akihesabu kurudi nyuma, huku kifungu cha katiba kuhusu kufikisha notisi kikiwa wazi mezani. Na wale wa kundi la WhatsApp, naomba mnisikilize: kama katiba inataja mkononi au posta tu, ujumbe wa kundini ni ukumbusho mzuri, lakini si notisi.

Je, upungufu wa siku tatu unatibika? Kwa mkutano mkuu wa mwaka unatibika ikiwa wanahisa wote wenye haki ya kuhudhuria na kupiga kura wamekubali muda mfupi. Wote 42. Arobaini na mmoja hawatoshi, hata kama huyo mmoja ana hisa tano na yuko Singida. Chukueni ridhaa hiyo kwa maandishi.

Twende kwenye "mengineyo". Tuseme siku ya mkutano mwenyekiti anatoa hoja: kiwanja cha zamani cha kampuni kiuzwe, na mnunuzi ni mmoja wa wakurugenzi. Mikono inanyanyuliwa, hoja inapita. Azimio hilo halina miguu. Hesabu, gawio, wakurugenzi wanaochukua nafasi za wanaostaafu, mkaguzi na malipo yake ni shughuli za kawaida, na kwa hizo kichwa cha habari kinatosha. Nje ya hapo ni shughuli maalum, nayo lazima notisi ieleze ni jambo gani. Mkurugenzi akiwa na maslahi yake, mahakama hudai zaidi. Katika kesi ya Baillie dhidi ya Oriental Telephone ya mwaka 1915, notisi ilificha ukubwa wa malipo ambayo wakurugenzi wangejipatia, na maazimio yakakataliwa. Kipimo kinachofaa ni hiki: mwanahisa akiisoma notisi akiwa nyumbani, anaweza kuamua kama aende au asiende? Aliyesoma "mengineyo" hakujua kwamba kiwanja kinauzwa. Nijuavyo, neno hilo linafaa kwa matangazo na maswali, basi.

Ikiwa ni azimio maalum, mfano kubadili katiba, notisi itaje kuwa linaletwa kama azimio maalum na iweke maneno yake. Kitakachopitishwa kiwe kilekile. Kusahihisha herufi sawa, kubadili maana hapana.

Kwenye notisi yetu limekosekana pia tamko kwamba mwanahisa anaweza kumteua mtu amwakilishe na kupiga kura, na kwamba mtu huyo si lazima awe mwanahisa. Liwekwe mahali panapoonekana.

Kasoro ya mwisho ndiyo yenye utata. Katibu hakumtumia barua mama mmoja kwa sababu alishauza hisa zake mwezi Mei. Uhamisho ulikuwa haujaingizwa kwenye daftari la wanahisa. Mkutano ukifanyika bila yeye, kampuni itajitetea kwa kifungu cha katiba kisemacho kuwa kusahau kwa bahati mbaya kumpa mtu notisi hakubatilishi mkutano. Kwenye ripoti za kesi za mwaka 1962 kuna hukumu mbili za Uingereza ambazo zinafaa kusomwa pamoja. Katika West Canadian Collieries, vibao vya anwani vya baadhi ya wanahisa viliwekwa kando na vikasahaulika wakati wa kutuma, mkutano ulisimama. Katika Musselwhite, wakurugenzi waliwaacha makusudi watu waliouza hisa lakini majina yao bado yamo daftarini, wakidhani si wanachama tena, mkutano ulibatilika. Kukosea sheria si kusahau. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, ila ni za ushawishi mkubwa. Mama yetu yumo kwenye shauri la pili. Na kusema "kura yake isingebadilisha kitu" hakusaidii, kwani amenyimwa pia nafasi ya kusema na kuwashawishi wengine.

Basi kampuni hii ifanye nini ikigundua haya tarehe 12 Juni? Isiahirishe mkutano siku yenyewe ikidhani imepona, maana mkutano ulioitishwa vibaya ukiahirishwa unabeba kasoro zake. Ifute notisi ya kwanza, iandike nyingine yenye suala la kiwanja, jina la mnunuzi na bei, imfikishie kila aliye kwenye daftari, na ihesabu upya. Ikigawa mkononi kwa wote tarehe 13, siku 21 zinaisha tarehe 4 Julai, na mkutano unaweza kukaa Jumamosi tarehe 5. Kabla ya kupanga hivyo, katibu atazame tarehe ya mkutano mkuu uliopita: kati ya mmoja na mwingine isizidi miezi 15.