Donge la Minyoo Tumboni mwa Mtoto: Kwa Nini Dawa ya Minyoo Husubiri

Wauguzi na matabibu wenzangu, tumchukue mtoto wa miaka 4, kilo 15. Tumbo linamsokota kwa vipindi tangu jana, anatapika nyongo, na katika matapishi umetoka mnyoo. Hajapata choo wala hajatoa hewa.

Minyoo ya askarisi hukaa kwenye utumbo mwembamba, na jike huweza kufika sentimita 35. Ikiwa mingi, hujisokota pamoja, na donge hukwama karibu na mahali utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana. Utumbo hujikaza kulisukuma, ndiyo maana maumivu huja na kuachia. Subiri yaachie, kisha weka kiganja: mara nyingi utahisi donge linalobonyea kama unga uliokandwa, na ukirudi baadaye utalikuta limesogea. Eksirei na ultrasaundi husaidia kuthibitisha.

Hapa ndipo wengi hukimbilia dawa ya minyoo. Naomba tusimpe bado. Pirantel huikakamaza minyoo, na donge lililokakamaa haliteremki. Dawa nyingine zinaweza kuifanya ihame na kuingia hata kwenye njia ya nyongo.

Asile wala asinywe. Mwekee mpira wa puani kutoa maji na hewa tumboni. Akiwa amepungukiwa maji, mpe Ringa laktati mililita 20 kwa kila kilo, yaani 300, kisha mpime upya. Baada ya hapo anahitaji takriban mililita 1,250 za dripu kwa saa 24, na fidia ya kile kinachotoka kwenye mpira. Potasiamu ingoje mpaka akojoe. Mpe dawa ya maumivu; kumwacha alie haitusaidii kumpima vizuri.

Kisha mpapase kila baada ya saa chache, ikiwezekana kwa mkono uleule. Donge likihama, hewa ikitoka, minyoo ikionekana chooni, tunaendelea kungoja. Wengi hufunguka ndani ya saa 24 hadi 48.

Lakini donge likitulia mahali pamoja na kuuma likiguswa, tumbo likakaza, mapigo na homa vikapanda, au choo kikawa na damu, huenda utumbo umejinyonga au unaoza. Mwite daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, hata kama saa 24 hazijatimia. Utumbo ukiwa mzima, huisukuma minyoo taratibu kwa vidole hadi utumbo mpana. Ikigoma, hupasua mahali padogo na kuitoa. Sehemu iliyooza hukatwa, na ncha mbili zikaunganishwa.

Njia ikishafunguka na mtoto anakula, ndipo apewe albendazo miligramu 400, mara moja. Dozi hiyo haitegemewi kuua viluwiluwi vilivyo bado mapafuni, navyo hukomaa utumboni baada ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo mwandikie tarehe ya kurudi kupimwa choo na kurudia dawa.