Kusahihisha ripoti ya uwandani ya jiografia: fuata namba moja tu

Haya walimu wenzangu, karibuni. Leo kalamu ya kijani, maana nyekundu inawafanya watoto waangalie alama tu na maelezo wasisome. Simu nimeiegemeza kwenye vitabu, ikianguka mnivumilie.

Ripoti ni hii ya kidato cha tano. Walikwenda Mto Morogoro, ule unaoshuka kutoka Uluguru, wakapima vituo vitano. Jina nimelifuta, na namba nimezibadili kidogo. Jalada, shukrani, yaliyomo, hayo mnayajua. Tunapita.

Ukurasa wa malengo. La kwanza: je, kasi ya maji inaongezeka kuelekea chini? La pili: je, upana na kina navyo vinaongezeka? Yanakili kwenye kikaratasi, ubandike pembeni ya meza. Kisibanduke mpaka umalize.

Sasa sikilizeni vizuri. USIANZE na jedwali lililopangwa vizuri. Anza na karatasi ya uwandani, ile chafu yenye matope. Mwaka fulani nilimpa mtoto 9 kati ya 10 za data kwa sababu ya jedwali la rula na rangi. Mwenzangu akauliza, "Karatasi ya uwandani iko wapi?" Haikuwepo. Namba alizitunga bwenini. Kwa hiyo kwanza karatasi chafu, halafu ndiyo jedwali.

Hii hapa. Walitumia chungwa, na ni chaguo zuri: linazama nusu, upepo haulisukumi ovyo. Umbali mita 10, mara tatu kila kituo. Tazameni kituo cha 4... ngoja, mwanga unamulika, hamwoni. Ninageuza. Haya: sekunde 8.2, 8.4, 14.6. Hiyo ya tatu mmeiona? Na pembeni kaandika kwa penseli, "chungwa limenasa kwenye matete." Huyu mtoto ni mkweli! Mpe alama ya kurekodi.

Sasa ndiyo jedwali. Kituo cha 4, wastani sekunde 10.4. Amejumlisha zote tatu, hata ile iliyonasa. Mita 10 gawanya kwa 10.4, kasi ni 0.96 kwa sekunde. Angeiacha hiyo mbovu, wastani ungekuwa 8.3 na kasi 1.20. Kituo cha 3 kina 1.05, cha 5 kina 1.31. Kwa hiyo matete tu yameufanya mto uonekane umepunguza mwendo! Hapo namkata alama moja ya kuchakata data. Data: 7 kati ya 10. Nyingine mbili zimekwenda kwenye kina: alipima katikati ya mto peke yake, badala ya sehemu kadhaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Uwasilishaji. Eh... kachora kasi kwa chati ya duara. Duara ni la vipande vya kitu kimoja kizima, na kasi za vituo vitano hazijumlishwi zikawa kitu. Alihitaji grafu ya mstari, umbali kutoka kituo cha kwanza ukiwa chini, kasi ikiwa wima. Umbali, siyo namba ya kituo, kwa sababu vituo vya 3 na 4 vimeachana kilomita tatu na vingine kilomita moja moja. Ramani yake ina kipimio na kaskazini, hiyo safi. 3 kati ya 8.

Jogoo huyo si wangu, ni wa jirani.

Hitimisho. Kikaratasi chetu kipo? Anasema, "Kasi haikuongezeka mfululizo, ilishuka kituo cha 4." MSIMKATE tena! Kosa la matete tulishamkata kwenye data. Sentensi hii inafuata namba zake mwenyewe, basi anapata. Narudia: kosa moja, adhabu moja.

Ila anaendelea, "ilishuka kwa sababu mwinuko ulipungua." Mwinuko aliupima wapi? Rudi nyuma ukatafute. Nimetafuta, hakuna. Hapati kitu. Halafu, "mto umechafuliwa, serikali ichukue hatua." Huenda ni kweli, lakini soma kikaratasi: hakuna lengo la uchafuzi wala kipimo chake. Na lengo la pili, upana na kina? Kimya kabisa, wakati vipimo vya upana anavyo ukurasa wa 9! 4 kati ya 12.

Jumla 14 kati ya 30. Chini usimwandikie "jitahidi". Mimi ninaandika hivi: "Rudi kwenye karatasi yako ya uwandani, kituo cha 4, jaribio la tatu. Wewe mwenyewe uliandika kilichotokea. Kokotoa upya, chora grafu ya mstari, kisha ulijibu lengo la pili." Chaji asilimia nne, ninazi—