Leseni, Mwalo na Mkopo: Kazi ya Halmashauri kwa Mkaushaji wa Dagaa Kigoma

Waheshimiwa madiwani, watumishi wa halmashauri, mama zangu na ndugu zangu wafanyabiashara, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie wajibu wa halmashauri katika kukuza uchumi wa eneo lake. Sitapita katika sekta zote; nitabaki na akina mama wanaonunua dagaa wabichi alfajiri mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki ufukweni, wakawakausha na kuwauza kwa wachuuzi wanaowasafirisha kwa treni na malori. Mama huyu hukutana na halmashauri mara tatu: anapotafuta leseni, anapotumia mwalo na anapoomba mkopo. Shida ni kwamba kila mara hukutana na ofisi tofauti, na ofisi hizo ni nadra kuulizana habari zake.

Leseni nitaipitia haraka. Chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, leseni za kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na za kundi B hutolewa na halmashauri, siku hizi kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Mwombaji anahitaji namba ya mlipakodi, na lazima aonyeshe mahali anapofanyia biashara. Hapo ndipo mkaushaji anapokwama, kwa kuwa mahali pake ni kipande cha mchanga ambacho hakijaandikwa jina lake popote. Asipokuwa na leseni, ataendelea kumuuzia mchuuzi kwa bei ya mwaloni, kwa sababu shule ya bweni inayotafuta mzabuni wa dagaa haiwezi kumlipa mtu asiye na nyaraka.

Kipande hicho cha mchanga ndicho kinachotuleta kwenye miundombinu. Dagaa anayeanikwa chini huokota mchanga, na mvua ikimkuta huharibika kabla hajakauka, akaishia kuwa chakula cha kuku. Akianikwa juu ya kichanja cha nguzo na wavu, hewa hupita juu na chini, hukauka upesi, na bei yake huwa nyingine. Lakini kikundi kitajengaje vichanja kwenye ardhi ambayo mwakani kinaweza kuambiwa kiondoke? Maoni yangu ni kwamba eneo la kukaushia, maji, choo na mifereji ni kazi ya halmashauri, ambayo hata hivyo inakusanya ushuru hapo hapo. Mkopo wa kikundi ukitumika kujenga vitu hivyo, fedha ya kununulia dagaa huwa imekwisha kabla biashara haijaanza.

Sasa nikae kwenye mkopo wenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023, na uliporejeshwa mwaka 2024 Manispaa ya Kigoma/Ujiji iliwekwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio ya kutoa mikopo hiyo kupitia benki. Benki ina hesabu nzuri, ila haijui mbalamwezi.

Tuchukue mfano. Kikundi kinapewa shilingi 6,000,000 mwezi Septemba, kirejeshe kwa miezi 12 kuanzia Oktoba, yaani shilingi 500,000 kila mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, mitumbwi hulala, na mkaushaji hana cha kununua. Kwa hiyo rejesho likipangwa tarehe moja ileile kila mwezi, kuna miezi litaangukia katikati ya mbalamwezi, wakati fedha imekwisha kutumika nyumbani. Tena mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kufungwa kwa namna hiyo kukitokea ndani ya mkopo wetu, shilingi 1,500,000 zitadaiwa katika miezi ambayo mwalo ni mtupu. Na tukiyabana marejesho yote katika miezi 9 iliyobaki, kila rejesho linafika karibu shilingi 667,000, jambo ambalo si kila kikundi kitaliweza. Ni afadhali muda wa mkopo uongezwe, na miezi ya kufungwa isihesabiwe.

Afisa Maendeleo ya Jamii anapoona kikundi kimechelewa, kabla hajakiandika kuwa mdaiwa sugu, aweke tarehe za ucheleweshaji kando ya kalenda ya mwezi mwandamo. Kikichelewa wakati wa mbalamwezi na kulipa wiki moja baada ya giza kurudi, kosa limo kwenye ratiba. Kikichelewa wakati mitumbwi inashusha dagaa kila asubuhi, hapo aulize fedha imekwenda wapi, maana mara nyingi wanachama wamegawana mkopo na kila mmoja amekwenda nao njia yake.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba fomu ya uhakiki wa kikundi isainiwe pia na afisa biashara na afisa uvuvi: wa kwanza athibitishe leseni na eneo, wa pili aandike miezi ya kuvua na ya kufunga, na ratiba ya benki itengenezwe baada ya saini hizo mbili kupatikana.