Iafoni ya kulia inasikika chini? Isafishe hivi bila kuua spika

Hii hapa iafoni ya kulia, na hii ya kushoto. Zote zimefunguliwa sauti nusu, wimbo ni ule ule, lakini ya kulia inasikika kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Tena jana ililala ndani ya kasha usiku kucha na asubuhi ikatoka haina chaji. Leo tunashughulikia yote mawili.

Kwanza ingia kwenye mipangilio ya simu, uhakikishe kwamba sauti ya kushoto na ya kulia imegawanywa sawa. Kuna wakati kitelezi kimesogea upande mmoja na iafoni haina kosa lolote.

Sasa vua mpira wa silikoni. Ushike karibu na shina uvute taratibu, usiuvute kwa ukingo maana utachanika. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu, uuweke pembeni ukauke kabisa. Iafoni yenyewe haiguswi na maji.

Sogeza taa, uielekeze kwa ubavu. Mnauona huu wavu mdogo? Upande huu matundu yanaonekana kama vidoti vyeusi vilivyopangana. Upande wa pili hakuna vidoti, kuna utando wa manjano unaong'aa. Hiyo ni nta ya sikio iliyochanganyika na vumbi, na ndiyo inayozuia sauti.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Nyuma ya wavu, mwendo mfupi tu, kuna spika yenye utando mwembamba sana unaotetemeka kutoa sauti. Ukichokoa kwa sindano au kijiti cha meno, unatoboa wavu au unaisukuma nta iangukie kwenye utando ule. Ukipuliza kwa hewa ya mkebe, mgandamizo unaweza kuukunja. Ukimwaga spiriti, nta inayeyuka kweli, lakini inageuka majimaji, inapenya kwenye wavu na kukauka huko ndani usikoweza kufika. Kwa hiyo kwenye wavu tunafanya kazi kavu.

Geuza iafoni, wavu utazame chini. Msimamo huu usiuache hadi tumalize, kwa sababu kila kinachobanduka lazima kidondoke nje. Chukua mswaki laini, mpya na mkavu. Upitishe ncha za nywele zake juu ya wavu kwa mikwaruzo mifupi, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usikandamize, nywele zikianza kupinda, umezidisha nguvu. Kila baada ya mikwaruzo kumi hivi, futa mswaki kwenye kitambaa. Tazameni kitambaa: hizi chembe za manjano zilikuwa zimeziba wavu.

Pale ukingoni pamebaki kipande kigumu. Nachukua gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, naifinyanga iwe kidonge, naigusisha juu ya nta na kuinyanyua wima. Siizungushi wala siisukumi, maana ikilainika sana itaingia kwenye matundu na kubaki humo. Nagusa, nanyanyua, nageuza upande safi wa gundi, narudia. Mara ya nne kipande kimetoka.

Tuje kwenye chaji. Chomoa kasha kwenye umeme. Iafoni ina vidoti vya rangi ya dhahabu, na ndani ya kasha kuna pini zinazogusana navyo. Jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi pamoja na umeme huila metali, ndiyo maana mnaona doa la kijani kwenye kidoti hiki.

Hapa spiriti inaruhusiwa, ya asilimia 70 au zaidi. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kwenye karatasi hadi kisidondoshe, kisha futa kidoti bila kugusa wavu. Kwa pini, inamisha kasha mdomo utazame chini ili majimaji yasikusanyike shimoni. Pini nyingi zimekaa juu ya springi, kwa hiyo ibonyeze moja moja kidogo kwa upande mkavu wa kijiti. Inatakiwa irudi juu yenyewe. Iliyobaki chini haifiki kwenye kidoti, na hiyo ni kazi ya fundi. Usikwangue kwa kisu wala msasa: tabaka la dhahabu ni jembamba mno, na likitoka, kutu itarudi haraka.

Acha kasha wazi nusu saa, rudisha mpira uliokwisha kukauka, kisha weka iafoni mahali pake. Simu sasa inaonyesha kwamba ya kulia inachaji.

Nasikiliza wimbo ule ule, sauti nusu, moja baada ya nyingine. Ziko sawa. Kama yako bado iko chini na vidoti vyote vya wavu vinaonekana, acha kusugua, maana tatizo liko nyuma ya wavu. Na ukisikia mkwaruzo kila besi inapopiga, huenda utando umeguswa na chembe au umekunjika. Hapo mswaki hautasaidia.