Sahani ya Jumamosi Usiku Haitoshi: Kujaza Wanga Kabla ya Maratoni

Ndugu wakimbiaji, mabibi na mabwana, leo nitazungumzia siku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi, kwa mtu atakayekimbia kilomita 42 hapa Kampala Jumapili asubuhi. Wa kilomita 10 atakula kama kawaida, kwani akiba yake ya kila siku inamtosha.

Wanga tunaokula huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glikojeni, na katika mbio za zaidi ya dakika 90 akiba hiyo huanza kupungukiwa, ndipo miguu hukata moto. Ili kuijaza, mkimbiaji anahitaji gramu 10 hivi za wanga kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku, kwa siku hizo mbili, huku akipunguza sana mazoezi. Anayekimbia kilomita 20 Ijumaa anachota mtungi anaoujaza.

Tumchukue mkimbiaji wa kilo 60. Anahitaji gramu 600 kwa siku. Gramu 100 za matoke yaliyopikwa zina wanga wa gramu 30 hivi. Kwa hiyo, akitegemea matoke peke yake, atalazimika kumaliza kilo 2 kila siku, na sijaona tumbo la kulipokea hilo kwa amani. Ndiyo maana yule anayengoja Jumamosi usiku, akarundika mlima wa matoke na mchuzi wa karanga juu yake, hulala vibaya na kuamka amevimbiwa, ilhali misuli yake haijajaa.

Afadhali augawanye mzigo: asubuhi slesi 6 za mkate mweupe zenye asali, pamoja na chai yenye sukari ya kutosha, baadaye ndizi mbivu na soda, mchana wali, alasiri chai na mkate tena, jioni mapema posho na kikombe cha juisi. Vinywaji vitamu, ambavyo siku nyingine ningewakataza, hapa vinasaidia kwa sababu havijazi tumbo.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kujaza wanga ni kula kila kitu kwa wingi. Roleksi mbili zina unga, ni kweli, lakini mafuta na mayai yake hushibisha kabla wanga haujafika kiwango. Maharage nayo, pamoja na mboga nyingi, yapunguzwe Jumamosi, la sivyo yatamtafutia choo njiani.

Mwenye kisukari asijaribu haya bila daktari wake.

Kuna jambo moja linalowatisha wengi. Mkimbiaji wetu akipanda mizani Jumamosi jioni na kukuta kilo 61 na nusu, huogopa kwamba amenenepa, akaacha chakula cha jioni. Lakini kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji, na maji hayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito ulioongezeka. Mimi huwa na wasiwasi na yule ambaye mizani yake haikusogea kabisa.