Simu Imepishana na Saa ya Kweli kwa Kiasi Gani? Mhadhara kwa mafundi simu na mawakala

Ndugu mafundi na mawakala, karibuni. Mteja akikuletea simu akasema "saa imeharibika", usikimbilie mipangilio. Muulize kwanza: imepishana na saa ya kweli kwa kiasi gani? Saa moja kamili? Tatu? Sita? Dakika saba? Miaka kumi? Jibu hilo ndilo litakaloonyesha kosa liko wapi, na leo nitashikilia hapo hapo.

Kwanza tuelewe simu inachohifadhi. Ndani yake hakuna saa ya Dar es Salaam wala ya Nairobi. Kuna hesabu ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa ya dunia, ile iitwayo UTC. Kioo kinapokuonyesha 15:00, simu imechukua UTC, ikaona ni 12:00, halafu ikajumlisha saa za eneo. Tanzania, Kenya na Uganda tunajumlisha 3. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wanajumlisha 2. Kinshasa wanajumlisha 1, Oman 4. Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavyoweza kukosea, hesabu yenyewe au kile kinachojumlishwa juu yake, na kila kimoja kina tiba yake.

Vitu hivyo viwili pia havitoki sehemu moja. Mnara wa mtandao, simu inapojisajili kwake, unaweza kuipa saa pamoja na saa za eneo. Seva za saa kwenye intaneti, kama time.android.com au time.apple.com, hutoa UTC tu. Seva haijui kama uko Tunduma au Toronto. Android 11 kurudi nyuma kwa kawaida husikiliza mnara kwanza. Kuanzia Android 12, mpangilio wa kiwandani unaanza na seva. Ndiyo maana simu mbili zilizo mezani pamoja, zenye laini za kampuni moja, zinaweza kupishana: mnara ukiwa na saa mbovu, ile ya zamani inaufuata na ile mpya inaupuuza.

Sasa turudi kwenye tofauti.

Ikiwa ni saa moja kamili, dakika zikiwa sawa, hesabu ya ndani ni nzima. Kilichokosea ni saa za eneo. Kwetu hili hutokea sana mipakani. Chukueni Rusumo, upande wa Tanzania. Ng'ambo ya mto Kagera ni Rwanda, na minara ya kule inafika huku bila tabu. Saa tisa alasiri simu inajisajili kwenye mnara wa Rwanda, inapokea saa za Kigali, na kioo kinaonyesha 14:00. UTC ndani bado ni 12:00, sahihi kabisa.

Mwenye simu anakasirika. Anaingia mipangilio, anazima saa ya kiotomatiki, anaandika 15:00 kwa mkono. Kioo sasa kinampendeza, lakini tazameni alichofanya. Simu bado inaamini iko Kigali, kwa hiyo inatoa 2 kwenye 15 na kuandika ndani kwamba UTC ni 13:00. Alikuwa na kosa la maonyesho tu, sasa ana kosa la hesabu. Kesho yake anafika Mwanza, simu inashika mnara wa Tanzania, inarudisha saa za eneo kuwa 3, na saa tisa kamili alasiri kioo kinasoma 16:00. Anakuja kwako akisema simu inamchezea. Simu haijamchezea. Simu nyingi za Android zina swichi mbili, moja ya saa na moja ya saa za eneo, naye alizima moja akaacha nyingine.

Athari yake haiishii kwenye kioo. Zile namba sita za usalama zinazobadilika kila sekunde 30 hutengenezwa kwa kutumia UTC ya simu. Simu ikiwa mbele kwa saa nzima, kila namba atakayoandika itakataliwa, naye atadhani amedukuliwa. Lakini kama kosa ni la saa za eneo peke yake, namba hizo zinakubaliwa vizuri tu. Hapo una kipimo cha bure: kioo kimekosea lakini namba zinapita, basi usiguse saa, rekebisha eneo.

Tiba ya Rusumo ni hii. Kwenye Android fungua Settings, kisha System, kisha Date & time. Kwenye Samsung utaikuta chini ya General management. Washa saa ya kiotomatiki ili UTC irudi mahali pake. Halafu, kwa mtu anayeishi hapo mpakani, zima "Automatic time zone" na umchagulie mwenyewe Dar es Salaam. Baadhi ya simu mpya huandika "Set time zone automatically". Ni kitu kile kile. Akivuka kwenda Kigali atakumbuka kuibadili, au atavumilia. Kuna anayependa afunge pia uchaguzi wa mtandao kwa mkono abaki na kampuni ya nyumbani. Hilo linasaidia, na linamwepusha na gharama za kutumia mtandao wa nchi jirani, ila mnara wa nyumbani ukizima atabaki bila mtandao mpaka aurudishe mpangilio.

Kwenye iPhone ni Settings, General, Date & Time, na swichi ni moja tu: "Set Automatically". Ukiizima unachagua eneo mwenyewe, lakini na saa nayo inakuwa mikononi mwako. Kwa hiyo chagua eneo kwanza, saa baadaye. Kabla ya kufika huko, angalia kama huduma ya mahali imezimwa: Privacy & Security, Location Services, System Services, halafu "Setting Time Zone". Mara nyingi kosa liko hapo.

Wenzetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wana tatizo la namna hiyo hiyo bila hata kuvuka mpaka. Nchi yao ina saa za eneo mbili. Tanzania, simu ikishajua tu kwamba mnara ni wa Tanzania, imemaliza kazi. Kongo, kujua nchi hakutoshi, lazima mnara utaje na saa zenyewe. Usipotaja, simu ya Goma inaweza kubaki kwenye saa za Kinshasa, nyuma kwa saa moja. Hapo unachagua nchi, kisha Lubumbashi, hata kama mtu yuko Goma, kwa sababu orodha ina Kinshasa na Lubumbashi pekee.

Tofauti ya saa tatu kamili nyuma: simu imewekwa kwenye UTC au GMT yenyewe. Huonekana kwenye simu zilizorudishwa kiwandani kisha zikawashwa bila laini.

Saa sita kamili ni mkono wa mtu. Saa mbili asubuhi ameandika 2:00. Na saa kumi na mbili kamili ni AM na PM zimebadilishana. Dalili yake ni kwamba tarehe inabadilika adhuhuri badala ya usiku wa manane. Zote mbili zinatibika kwa kuwasha saa ya kiotomatiki, na kwa wanaong'ang'ania kuweka kwa mkono, washa mfumo wa saa 24 wasije kurudia.

Tofauti ya dakika chache maana yake simu haijasikia mnara wala seva kwa muda mrefu. Kioo cha kwartzi kinachohesabu saa ndani kikiwa na kosa la sehemu 20 kwa milioni, kinapoteza au kuongeza kama sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Ukikuta dakika saba, ama ni miezi mingi, ama ni mtu aliyeisogeza mbele makusudi asichelewe kazini. Wa pili ndio wengi.

Tofauti ya miaka ni jambo jingine. Betri ilikufa kabisa au ilitolewa, na simu imesahau hesabu. Kitochi hurudi tarehe iliyowekwa na kiwanda. Simu janja nyingine huonyesha 1970, nyingine tarehe ambayo programu yake ilitengenezwa. Hapa intaneti inagoma, kwa sababu kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu inaona cheti hakijaanza. Chrome itaandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na WhatsApp itadai urekebishe tarehe. Ombi la saa kwa seva halitegemei cheti, kwa hiyo linapaswa kupita hata tarehe ikiwa mbovu. Lisipopita, shaka Wi-Fi. Ombi hilo hutumia UDP, mlango namba 123, na mitandao ya ofisi na ya hoteli mara nyingi huufunga. Zima Wi-Fi, tumia bando, washa hali ya ndegeni kwa sekunde kama 30 kisha izime ili simu ijisajili upya kwenye mnara. Ikikataa bado, andika tarehe kwa mkono, mwaka ukiwa wa kwanza, halafu rudisha kiotomatiki.

Simu ikisahau kila ikizimwa, ingawa betri ina chaji, acha mipangilio. Angalia sehemu za betri zinapogusana na ubao, kisha saketi ya umeme inayoilisha saa.

Kwa wenye kompyuta, amri nne zinakupa picha nzima:

```
adb shell date -u
adb shell getprop persist.sys.timezone
adb shell settings get global auto_time
adb shell settings get global auto_time_zone
```

Ya kwanza inaonyesha UTC bila nyongeza, ya pili eneo, mfano Africa/Nairobi. Mbili za mwisho hujibu 1 kama swichi imewashwa, 0 kama imezimwa. UTC ikiwa sahihi, huruhusiwi kugusa saa.

La mwisho ni simu ambayo kila kitu kinaonekana sawa, eneo sahihi, swichi zote zimewashwa, na bado imekosea. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini iliacha kujumlisha 3 ikaanza kujumlisha 2. Simu ambayo haikupata masasisho tangu kabla ya hapo inajua Juba ya zamani, na mteja anayefanya biashara kule ataiona mbele kwa saa moja kila siku. Sasisha kwanza kama inawezekana. Isipowezekana, zima saa za eneo za kiotomatiki na uchague Kigali au Maputo, zote zinajumlisha 2, huku swichi ya saa ikibaki imewashwa.