Kwa nini ndani ya ganda la chuma hakuna uga wa umeme

Walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliokuja, asanteni. Mvua za Dodoma zinapoanza, chini ya wingu la radi uga wa umeme unaweza kufika volti 10,000 kwa kila mita. Sasa chukueni debe la bati, mlifunge kabisa, mliweke chini ya wingu hilo. Ndani yake uga ni sifuri. Kwa nini?

Tuanze na bati lenyewe. Lina elektroni zilizo huru kutembea. Uga wowote ukiingia ndani ya bati, elektroni husukumwa, zikarundikana upande mmoja na kuacha chaji chanya upande wa pili, mpaka uga wa mrundikano huo ufute kabisa ule wa wingu. Hutulia hapo tu, na katika metali hilo hutokea kwa muda mfupi mno.

Lakini hilo linahusu unene wa bati. Uwazi uliomo ndani je? Wengi hujibu kwa kanuni ya Gauss: chora uso unaopita katikati ya unene wa bati, ambako uga ni sifuri, basi jumla ya chaji iliyozungukwa ni sifuri. Ni kweli, ila haitoshi. Jumla ya sifuri yaweza kuwa chanya huku na hasi kule, kwenye ukuta wa ndani.

Tuseme iko hivyo. Mstari wa uga ungetoka kwenye chanya, ukakatiza uwazi, ukaishia kwenye hasi. Pitisha chaji ndogo kwenye mstari huo: uga unaifanyia kazi. Irudishe ilikotoka kupitia ndani ya bati: hakuna kazi yoyote. Umezunguka na kupata nishati ya bure, na ungeweza kurudia bila mwisho. Uga wa chaji zilizotulia hauruhusu hilo kamwe. Kwa hiyo ukuta wa ndani hauna chaji popote, na uwazi hauna uga. Angalieni, sikutaja umbo: debe, tufe, hata sanduku lililobonyea, yote sawa.

Kinga hii, hata hivyo, ina upande mmoja. Mwanafizikia Michael Faraday alionyesha hilo mwaka 1843 kwa ndoo ya metali. Ning'iniza kwa uzi wa hariri kitufe chenye chaji ya nanokulombi +5 ndani ya debe lililokaa juu ya kihami. Ukuta wa ndani hupata −5, wa nje +5, na elektroskopu iliyounganishwa nje, chombo chenye majani mawili membamba ya metali yanayoachana yakipata chaji, hufungua majani yake. Sogeza kitufe huku na huko bila kukigusisha ukutani, majani hayatikisiki. Nje wanajua kuna chaji, hawajui iko wapi.

Gusa debe kwa kidole. Ile +5 ya nje hufutwa na elektroni zinazopanda kutoka ardhini, majani yanajifunga. Ondoa kidole kwanza, kisha toa kitufe: majani yanafunguka tena, safari hii kwa −5.